Kuficha taarifa za domeini: kinachofichwa ni nini hasa, na mwenye saiti ndogo anahitaji kweli?

Ukinunua domeini, kabla hujalipa unakutana na kale kaboksi kanakokuuliza kama unataka ulinzi wa faragha. Kwingine ni bure na kameshatikiwa tayari, kwingine wanataka dola kadhaa kila mwaka, na hapo ndo wengi wanakwama, wengine wanalipa kwa woga, wengine wanaruka kwa sababu hela imebana, na wote wawili mara nyingi hawajui kaboksi kanafanya nini.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Kuna dada anatengeneza sabuni za mwani kule Paje, Unguja, anauza kwa wageni na kwa oda za mtandaoni, sasa anataka `.com` yake. Fomu ya usajili inamuuliza jina kamili, anwani, mji, nchi, simu na imeili. Hizo zinaingia kwenye kumbukumbu ya usajili ambayo kwa miaka mingi ilisomwa kwa kitu kinaitwa WHOIS, siku hizi kwa domeini kama `.com` na `.org` mfumo rasmi ni RDAP, ulishika nafasi Januari 2025. Kwa mtumiaji haibadilishi kitu, unaenda `lookup.icann.org`, unaandika domeini, unasoma. Mtu yeyote duniani anaweza, haombi ruhusa kwa mtu.

Zamani kila kitu kilikuwa wazi. Mei 2018 sheria ya Ulaya ya data, GDPR, ilipoanza kazi, ICANN wanaosimamia hizi domeini za kimataifa waliruhusu wasajili (yaani kampuni zinazokuuzia domeini) wafunike taarifa za watu, na wasajili wengi wakubwa wakaamua kufunika kwa wateja wote, hata wasiokaa Ulaya. Lakini sio wote. Kwa hiyo ushauri wa mwaka 2012 kwamba lazima ulipie umepitwa, na ushauri wa kwamba siku hizi kila kitu kimefichwa chenyewe nao sio wa kuuamini bila kucheki.

Tunapima kwa vitu gani

Nitaangalia njia tatu: kuacha taarifa wazi, kufunikiwa na msajili, na kutumia huduma ya proksi. Kila moja naipima kwa mambo manne. Kwanza, nini kinaonekana na nini hakionekani. Pili, usumbufu unaoletwa na matapeli na spamu. Tatu, umiliki, yaani siku ya ugomvi domeini inahesabika ya nani. Nne, gharama na usumbufu wake wa kila siku.

Ila kabla ya hapo niseme kitu ambacho makala nyingi za huko nje hazikisemi kwa sababu zimeandikwa kwa watu wa huko. Wao wanachoogopa zaidi ni anwani ya nyumbani, mtaa na namba ya mlango. Kwetu watu wengi wanaandika S.L.P. na jina la mji, hapo hakuna atakayekufikia nyumbani. Kwetu kinachouma ni namba ya simu. Namba yako ndo pochi yako, ndo wasapu yako, na mtu akiiweka kama anataka kukutumia hela jina lako kamili linatokea kabla hajathibitisha. Kwa hiyo tapeli akipata namba moja tayari ana jina, ana njia ya kukupigia, na anajua una biashara mtandaoni. Unapofikiria kuficha au kutoficha, fikiria namba kwanza, anwani baadaye.

Njia ya kwanza: kuacha wazi

Nini kinaonekana: chote ulichoandika kwenye fomu, bila kupunguzwa. Kama dada wa Paje aliandika namba yake ya familia na imeili yake ya gmail, ndo hizo.

Usumbufu: hapa ndo penye shida halisi. Kamati ya usalama ya ICANN, SSAC, ilifanya jaribio ikatoa ripoti yake mwaka 2007, walisajili domeini wakaona kwamba imeili zilizowekwa wazi kwenye WHOIS zinapata spamu nyingi kuliko zilizolindwa. Na hiyo ni imeili tu. Siku hizi anayesajili domeini taarifa zikiwa wazi anaanza kupigiwa na watu wanaojifanya wanamtengenezea logo, wengine wanamuahidi kumpandisha Google, wengine wanamwambia kuna kampuni China inataka kusajili jina lake kwa `.cn` awahi alipie. Mbaya zaidi ni ankara feki. Mchezo ni wa zamani sana, mwaka 2003 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliipeleka mahakamani kampuni iliyoitwa Domain Registry of America kwa kutumia watu barua zilizokaa kama ankara ya kuongeza muda wa domeini, kumbe ukilipa unakuwa umehamisha domeini yako kwenda kwao kwa bei ya juu. Jina lako, domeini yako na tarehe ya kuisha vikiwa vimekaa pamoja, kutunga barua kama hiyo ni kazi ndogo sana.

Umiliki: hapa njia hii ina nguvu kuliko zote. Jina lako liko pale, kila mtu analiona, ukisema domeini ni yako huna haja ya kueleza sana. Mteja mkubwa, hoteli labda, akitaka kuhakikisha kwamba anayemtumia oda ni biashara ya kweli, anaweza kuona.

Gharama: hakuna.

Inamfaa nani? Kampuni iliyosajiliwa, shule, msikiti au kanisa, taasisi yoyote ambayo simu ni ya ofisi na anwani ni ya ofisi na zote zimeshabandikwa kwenye ukurasa wa mawasiliano. Huyo anaficha nini wakati ameshajitangaza mwenyewe?

Njia ya pili: kufunikiwa na msajili

Nini kinaonekana: ukitafuta utaona kitu cha namna hii:

```
Registrant Name: REDACTED FOR PRIVACY
Registrant Street: REDACTED FOR PRIVACY
Registrant State/Province: Zanzibar
Registrant Country: TZ
Registrant Phone: REDACTED FOR PRIVACY
```

Jina, mtaa, simu na imeili vimefunikwa. Nchi na mkoa vinabaki. Kwenye sehemu ya imeili watu wanapewa fomu au anwani ya kupitishia ujumbe, ili mwenye shida ya kweli aweze kukufikia. Angalia sana sehemu inayoandikwa `Organization`, kwa sababu hiyo inaweza kuonyeshwa ukikubali, na ukiijaza, kwa macho ya ICANN mwenye domeini anakuwa hiyo taasisi, wewe uliyeandika jina juu yake unabaki mtu wa mawasiliano tu. Dada wa Paje akiandika pale jina la duka ambalo hajalisajili popote, amempa domeini mtu asiyekuwepo. Kama huna usajili wa biashara, acha tupu.

Usumbufu: simu za matapeli zinazotoka kwenye usajili zinakatika karibu zote. Spamu haiishi, na hapa watu wanalalamika wamedanganywa, kumbe orodha za domeini mpya zinapatikana kivyake, mtu anachukua jina jipya anarusha tu imeili kwenda `info@` na `admin@` akibahatisha, au anaingia kwenye saiti yako anachukua ulichoandika. Hiyo haihusiani na usajili.

Umiliki: bado ni wako kabisa. Kilichofunikwa ni dirisha la nje, kitabuni jina ni lako. Ila kufunikwa huku kunaleta shida moja ambayo kwetu ni kubwa kuliko spamu zote, nayo ni fundi wa websaiti. Watu wengi hawanunui domeini wenyewe, wanampa fundi hela, fundi anasajili kwenye akaunti yake, kwa jina lake na imeili yake. Zamani ungecheki WHOIS ungemuona. Sasa hivi ukicheki unaona `REDACTED FOR PRIVACY` unafurahi kwamba umelindwa, kumbe aliyelindwa ni yeye. Mpaka siku mmekosana au kahama mji ndo unagundua huwezi kuhamisha domeini wala kuilipia, maana ujumbe wote unaenda kwake.

Jinsi ya kujua ni rahisi na usione aibu kumuuliza. Una paswedi ya akaunti ya msajili? Sio ya hosting, sio ya WordPress, ya pale domeini iliponunuliwa. Ukiingia, sehemu ya mawasiliano ya mmiliki inasoma jina la nani na imeili ya nani? Domeini iliposajiliwa, nani alipata ile imeili ya kuthibitisha? Kama majibu yote ni ya fundi, rekebisha hilo kwanza wakati mnaongea vizuri, habari ya faragha iende nyuma.

Gharama: kwa wasajili wengi wakubwa ni bure. Cloudflare wanafunika bila kukuuliza. Kwa wauzaji wadogo, wakiwemo wa hapa kwetu ambao wengi wanauza kwa niaba ya msajili wa nje, inategemea, cheki kabla.

Inamfaa nani? Kwa kweli wengi wetu. Mwenye blogu, mwenye duka dogo, freelansa, mwanafunzi, yule dada wa sabuni.

Njia ya tatu: huduma ya proksi

Nini kinaonekana: badala ya sehemu kufunikwa, zinajazwa za kampuni nyingine. Domeini za GoDaddy nyingi utaona Domains By Proxy ya Arizona, za Namecheap utaona Withheld for Privacy yenye anwani ya Reykjavik, Aisilandi. Hata nchi yako haionekani. Kwa mtu ambaye hata kujulikana yuko Tanzania au Oman au Burundi ni tatizo, hiyo ni tofauti kubwa na njia ya pili.

Usumbufu: sawasawa na njia ya pili au afadhali kidogo. Ujumbe unapita kwao kwanza, wengine wanachuja, na kuchuja kuna ubaya wake kwa sababu barua muhimu inaweza kuchujwa pia, kwa mfano mtu anayelalamika kwamba saiti yako imedukuliwa inatuma virusi.

Umiliki: soma hapa taratibu. Kwenye proksi halisi, anayeandikwa kama mmiliki ni kampuni ya proksi, wewe una mkataba nayo wa kuitumia. Siku za kawaida huoni tofauti. Tofauti inaonekana mambo yakiharibika. Mwaka 2007 msajili mmoja wa Marekani, RegisterFly, alianguka, ICANN ikamnyang'anya kibali na domeini zake zikahamishiwa GoDaddy. Waliokuwa wametumia huduma yake ya proksi walipata tabu ya ziada, kwa sababu nakala za akiba zilionyesha jina la proksi badala ya majina yao, sasa utathibitishaje? Baada ya hapo sheria zilikazwa, mkataba wa wasajili wa 2013 unawataka waweke kwenye nakala ya akiba taarifa za mteja halisi hata kama anatumia proksi yao. Kwa hiyo hatari ile imepungua sana, lakini inapungua kwa proksi ya msajili mwenyewe. Proksi ya mtu wa pembeni uliyemuokota mtandaoni haimo kwenye ulinzi huo. Tumia ya msajili wako au acha. Na risiti zako za malipo tunza.

Gharama: kwingine bure, kwingine kila mwaka. Kwa anayelipia kuna mtego, ukisahau kulipia faragha wakati domeini bado ipo hai, taarifa zako zinaweza kutoka nje. Na kuna kampuni zinazohifadhi nakala za WHOIS za miaka nyuma zinaziuza. Zikitoka mara moja, kurudisha kifuniko hakufuti kilichoshanakiliwa. Ndo maana nasema uamuzi huu ufanyike kabla ya kubonyeza kulipa, maana kuwasha faragha wiki mbili baadaye ni kufunga mlango wakati picha imeshapigwa.

Inamfaa nani? Mtu anayeandika mambo yanayoudhi wenye nguvu, mtu aliyekimbia mume au ndugu mkorofi, anayetaka kujaribu jina jipya la biashara bila washindani kujua. Na yule ambaye msajili wake hafuniki bure ila proksi anatoa bure.

Kitu ambacho hakuna njia inayoficha

Zote tatu zinahusu ukurasa mmoja tu, ule wa usajili. Tarehe uliyosajili, tarehe ya kuisha, jina la msajili, na seva za majina vinaonekana siku zote. Anwani ya seva yako inaonekana. Na kama unaendesha seva yako mwenyewe, jaribu amri hii, ukiweka domeini yako mahali pa `example.com`:

```
dig example.com SOA +short
```

Jibu linakuja na neno kama `jinalako.gmail.com.` katikati, hiyo ni imeili yako, nukta ya kwanza imekaa mahali pa `@`. Nimeona watu waliolipia faragha miaka na miaka imeili yao imekaa hapo wazi, inaniuma kwa sababu kuibadilisha ni dakika mbili.

Pia hazikufichi mbele ya sheria. Mtu akidai umechukua alama ya biashara yake akafungua shauri la UDRP, utaratibu uliopo tangu 1999, msajili anawapa wasuluhishi jina lako. Mahakama ikiamuru, vivyo hivyo. Ulilipa kwa kadi au kwa simu, msajili anakujua. Anayetaka kujificha kabisa kabisa asidhani kaboksi haka kanatosha.

Na kuna wanaochagua njia ya nne, kuandika uongo kwenye fomu. Usifanye. Msajili anatakiwa kuthibitisha imeili au simu yako, usipojibu ndani ya siku 15 domeini inaweza kusimamishwa, na mtu yeyote anaweza kuripoti kwamba taarifa ni feki. Halafu siku paswedi imepotea wanakuomba kitambulisho, jina kwenye kitambulisho na jina kwenye fomu hayafanani, domeini imekwenda.

Turudi kwa dada wa sabuni

Njia ya kujipima ni hii, weka fomu ya usajili upande mmoja na ukurasa wako wa mawasiliano upande mwingine. Kilichopo kwenye fomu na hakipo kwenye ukurasa, hicho ndo unachoficha. Kama hakuna tofauti, hakuna unachoficha.

Kwake yeye, saiti ina kitufe cha wasapu chenye namba yake ileile ya kila siku. Kwa hiyo faragha ya domeini upande wa simu haimsaidii lolote mpaka atenganishe laini. Achukue laini ya biashara, hiyo aiweke kwenye saiti. Kwenye fomu ya msajili aweke namba yake ya kweli anayoipata siku zote, iliyofunikwa. Anwani aweke S.L.P. kama anayo na inafika. Imeili afungue ya pembeni, au aongeze alama kwenye gmail yake, mfano `jina+domeini@gmail.com`, ili spamu ikija kwenye hiyo ajue imevuja kutoka kwenye usajili na si kwingine. Ila asitumie kamwe imeili ya domeini hiyohiyo, `info@` yake mwenyewe, kwa sababu domeini ikiisha muda na imeili inakufa nayo, na barua ya kumkumbusha kulipa inaenda kwenye sanduku lililokufa.

Akitaka na `.co.tz` ajue kwamba domeini za nchi zina sheria zake na wasimamizi wake, KeNIC kwa Kenya kwa mfano, hazifuati zile za ICANN nilizoeleza juu, na faragha aliyowasha kwenye `.com` haivuki kwenda huko. Njia ya kujua ni kutafuta kwenye WHOIS ya hao wenyewe domeini ya mtu mwingine binafsi iliyosajiliwa karibuni kwa muuzaji huyohuyo, aone kinachotoka. Kinachotoka kwa huyo kitatoka kwake.

Sasa wewe chagua kwa hali yako

Kama una ofisi, namba ya ofisi na watu wanatakiwa kukuamini kabla ya kulipa, acha wazi au acha jina la kampuni lionekane, lakini fundisha anayeshika hela ofisini kwamba ankara ya domeini hailipwi mpaka umeingia kwenye akaunti ya msajili ukaona mwenyewe.

Kama unafanya biashara kwa simu yako au unaandika blogu ya kawaida, chukua kifuniko cha bure. Msajili wako akikutaka ulipie, linganisha bei yake ya jumla, domeini pamoja na faragha, na ya msajili anayetoa bure. Domeini mpya inakaa siku 60 kabla ya kuruhusiwa kuhama kwa wasajili wengi, kwa hiyo bora uchague vizuri mwanzo.

Kama domeini yako ilishakaa wazi miaka mitano kwa namba ileile, kuilipia faragha leo kunakupunguzia matapeli wapya tu. Hela hiyo ingefaa zaidi kwenye laini mpya. Kifuniko cha bure washa, cha kulipia subiri.

Kama usalama wako unategemea kutojulikana, chukua proksi ya msajili mkubwa tangu siku ya kwanza, domeini mpya kabisa, seva isiyoshirikiana na saiti zako nyingine, na pata ushauri wa watu wanaofanya kazi ya kulinda wanahabari, kwa sababu usajili ni sehemu ndogo tu ya unachohitaji.

Na kama hujui domeini yako imeandikwa jina la nani, usiguse kitufe chochote cha faragha bado. Mpigie fundi leo, muombe akuonyeshe ukurasa wa mmiliki kwenye akaunti, mwambie abadilishe jina na imeili viwe vyako, subiri barua ya uthibitisho ifike kwako uibonyeze, ndo ufunike.